Mteremko kwenye picha ya ramani: kipimo chako ni mraba wa gridi

"Nimepiga picha kwa simu ramani ya kontua iliyobandikwa ukutani. Pembeni imeandikwa 1:50,000 na kontua ni kila mita 20. Nataka kujua mteremko kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye kibanda kilicho juu ya kigongo. Nikiweka rula kwenye skrini napata sentimita 6, nikikuza picha napata 11. Nishike ipi? Na je, siwezi kutumia tu ukaribu wa mistari?"

Usishike hata moja. Ile 1:50,000 iliyoandikwa pembeni ilikuwa kweli kwenye karatasi, pale ambapo sentimita 1 ni mita 500 za ardhini. Picha haina sentimita, ina pikseli, na skrini inazitandaza kadiri unavyotaka wewe. Ukiamini rula ya kwanza umbali wako ni kilomita 3, ukiamini ya pili ni kilomita 5 na nusu, na ardhi yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Kitu kinachokua na kupungua sawasawa na umbali wako, hata ukuze picha vipi, ni mraba wa gridi. Kwenye ramani za 1:50,000 mistari ya gridi kwa kawaida hupita kila kilomita 1, yaani kila sentimita 2 za karatasi. Hakikisha kwa kusoma namba za pembezoni: zikipanda moja moja, mfano 43, 44, 45, kila mraba ni kilomita 1 kwa kilomita 1. Ukipata mraba una pikseli ngapi, umeshapata skeli ya picha yako. Ramani isiyo na gridi itakubidi utumie mstari wa skeli ulio chini yake, nao uwe umeingia kwenye picha hiyo hiyo. Mstari wa skeli wa picha nyingine hautakufaa, maana simu ilikuwa mbali zaidi au karibu zaidi.

Picha uliyoambatisha nimeifungua kwenye programu ya kawaida ya kuchorea. Ukipeleka kishale juu ya sehemu yoyote, pembeni hutokea namba mbili: ya kwanza ni pikseli kutoka kushoto, ya pili ni pikseli kutoka juu kwenda chini. Hizo ndizo rula yetu. Chemchemi yako iko kwenye 1450 na 1730, kibanda kiko kwenye 1759 na 1542. Bahati nzuri vyote viwili vimeangukia ndani ya mraba mmoja wa gridi. Kutoka chemchemi hadi kibandani ni pikseli 309 kwenda mashariki na pikseli 188 kwenda kaskazini.

Kabla ya kugeuza pikseli kuwa mita, nimepima mraba wenyewe. Upana wake katikati ni pikseli 412, lakini kimo chake ni pikseli 376. Kwenye karatasi pande hizo ni sawa. Maana yake ulisimama chini kidogo ukainua simu kuelekea juu, na ramani ikafupika kwenda juu, kama ukuta mrefu unavyofupika ukiutazama ukiwa chini yake. Ushahidi mwingine upo kwenye picha yako hiyo hiyo: miraba ya chini kabisa ina upana wa pikseli 431, ya juu kabisa 389. Ingekuwa simu imelala sambamba na ukuta, namba hizo zingelingana.

Kwa hiyo picha yako ina skeli mbili, moja ya mashariki na magharibi, nyingine ya kaskazini na kusini, na kila pikseli igeuzwe kwa skeli ya upande wake:

```
mashariki:  309 / 412 = 0.75 km = 750 m
kaskazini:  188 / 376 = 0.50 km = 500 m
umbali mlalo = sqrt(750^2 + 500^2) = 901 m
```

Mita 901, ambazo kwenye karatasi ni sentimita 1.8 tu. Rula yako ilikuwa inasoma zaidi ya mara tatu ya hapo, kisha mara sita, kwa sababu skrini ilishaikuza ramani kabla hujaigusa.

Wengi hapa hupima mstari mmoja wa moja kwa moja kutoka pointi hadi pointi. Kwenye picha yako mstari huo una pikseli 362. Ukiugawa kwa upana wa mraba utapata mita 878, ukiugawa kwa kimo chake utapata mita 962. Watu wawili, picha moja, mraba mmoja, na tofauti ya zaidi ya mita 80, wala hakuna aliyekosea kugawanya. Ndiyo maana nagawanya safari vipande viwili kwanza, kisha naviunganisha kwa kanuni ya pembetatu mraba.

Njia hii inadai mistari ya gridi iwe imesimama wima na kulala mlalo kwenye picha. Yako iko hivyo. Ingekuwa imeegemea upande kwa sababu simu ilipinda mkononi, ungeizungusha picha kwanza mpaka gridi isimame, au ungeachana na pikseli na kusoma kila pointi ndani ya mraba wake kwa sehemu za kumi, kama tunavyosoma rejea za gridi. Chemchemi yako iko sehemu 2 kati ya 10 kutoka ukingo wa kushoto wa mraba, na 3 kutoka ukingo wa chini. Kibanda kiko 9 na nusu kutoka kushoto, na 8 kutoka chini. Toa: sehemu 7 na nusu, na sehemu 5. Ni mita 750 na 500 zile zile. Mimi huzifanya njia zote mbili, moja ikiikagua nyingine, maana macho hayakosei kwa namna ile ile kishale kinavyokosea.

Kwa picha iliyoinama sana kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Mraba ukishageuka kuwa umbo lenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, nusu yake ya kweli haiko tena katikati ya pikseli. Husogea kuelekea upande ulio mbali na simu. Chora mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona. Pale inapokatana ndipo katikati ya kweli ya mraba, hata picha iwe imeinama kiasi gani, kwa sababu kamera huacha mstari mnyoofu ukiwa mnyoofu na makutano yakiwa makutano. Fanya hivyo kwenye mraba wa jirani pia, unganisha makutano hayo mawili, na umepata mstari wa nusu unaopita sawasawa kwenye miraba yote miwili. Kuanzia hapo kukadiria robo na sehemu za kumi si kazi kubwa. Programu nyingi za kuhariri picha pia zina kifaa cha kunyoosha picha iliyoinama: unashika pembe nne za eneo la gridi, tuseme kilomita 4 kwa 4, na kulilazimisha liwe mraba. Ukimaliza pima miraba kadhaa mbalimbali. Ikilingana, unaweza kutumia skeli moja kwa pande zote.

Kunyoosha huko hakutibu karatasi iliyokunjika. Mkunjo huficha ardhi. Niliwahi kuhesabu kontua kwenye picha ya ramani iliyokuwa imekunjwa mara nne, nikatoa kimo kilichopungua mita 40 kwa sababu mistari miwili ilikuwa imezama ndani ya mkunjo, na nilishangaa tu nilipoona mraba uliopitiwa na mkunjo ni mwembamba kuliko jirani zake wa pande zote mbili. Tangu siku hiyo mraba mmoja ukiwa mwembamba peke yake, najua si simu iliyoinama. Simu ikiinama, miraba hubadilika polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mkunjo hubana mmoja na kuacha wengine.

Sasa vimo. Hatua ya kontua, yaani mita unazopanda kutoka mstari mmoja hadi unaofuata, kwenye ramani yako ni 20. Hata kama imeandikwa, ihakikishe kwenye mistari yenyewe. Kwa kawaida kila mstari wa tano huchorwa mnene na kuandikwa kimo chake. Kwenye picha yako nimeona mstari mnene wa 1300 na mwingine wa 1400, na kati yao kuna mistari minne myembamba. Mistari minne myembamba kati ya miwili minene hufanya nafasi tano. 100 gawanya kwa 5 ni 20. Imekubali. Ungekuta mistari haikubali, angalia kama vimo si vya futi. Ramani nyingi za zamani ziko hivyo, na mtu akigawanya futi kwa mita anapata mteremko mkali zaidi ya mara tatu ya ule wa kweli.

Angalia nilichohesabu hapo: nafasi. Sikuhesabu mistari. Hili ndilo kosa linalorudi kila mara, na ubaya wake ni kwamba jibu hutoka likionekana la kuaminika. Kati ya chemchemi na kibanda chako inapita mistari saba: 1260, 1280, 1300, 1320, 1340, 1360 na 1380. Mtu wa haraka atazidisha 7 kwa 20 apate 140. Lakini mistari saba ina nafasi sita kati yake, mita 120, halafu kuna kipande cha chini kabla ya mstari wa kwanza na kipande cha juu baada ya mstari wa mwisho. Vipande hivyo lazima vikadiriwe.

Chemchemi iko kati ya 1240 na 1260. Nimepitisha mstari mfupi kadiri ilivyowezekana kutoka kontua moja hadi nyingine ukipita juu ya chemchemi: una pikseli 60, na chemchemi iko pikseli 15 kutoka kontua ya chini. Hiyo ni robo. Robo ya mita 20 ni 5, kwa hiyo chemchemi iko kwenye mita 1245. Kibanda kipo katikati kabisa ya 1380 na 1400, mita 1390. Tofauti ni mita 145. Aliyezidisha mistari amekosa mita 5 tu safari hii, na ni bahati. Pointi zote mbili zingekuwa zimekaa juu ya mistari, kuanzia 1260 hadi 1380, angesema 140 wakati jibu ni 120.

Upande upi ni juu? Usiseme tu kwamba kigongo kinajulikana. Kwenye ramani nyingi namba za kontua huandikwa vichwa vyake vikitazama mlimani, na mistari inapovuka mto hufanya ncha inayoelekeza mto unakotoka. Kwako vyote viwili vinaonyesha kibanda kiko juu. Nimefuata pia mstari wote kati ya pointi zako kuona kama kuna kontua inayojirudia. Ungeona 1320, 1340, kisha 1320 tena, maana yake katikati kuna tuta au bonde, na mteremko wa wastani ungekuficha mpando ambao miguu ingeukuta.

Sasa tunaweza kugawanya:

```
mteremko = 145 / 901 = 0.161
```

Andika utakavyo: asilimia 16, au 1 kwa 6.2, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 6.2 za mlalo, au nyuzi 9 ukitafuta pembe ambayo tanjenti yake ni 0.161. Tafadhali usichanganye asilimia na nyuzi. Asilimia 100 si ukuta, ni nyuzi 45. Na umbali unaogawa ni ule mlalo wa ramani, si urefu wa ardhi unaotembea. Kwako njia yenyewe ingekuwa mita 913, ziada ya mita 12 tu, ndiyo maana kosa hilo halionekani kwenye miteremko ya wastani. Kwenye magenge huonekana.

Namba hiyo ni wastani wa safari nzima, na hapa ndipo swali lako la ukaribu wa mistari lina uzito. Ndiyo, ukaribu wa mistari pekee hutoa mteremko, bila kujali chemchemi wala kibanda: hatua ya kontua gawanya kwa nafasi kati ya mistari. Lakini inategemea nafasi hiyo umeipima kuelekea wapi.

Tazama picha yako tena. Kuanzia chemchemi mistari imeachana vizuri, unapanda mita 75 ndani ya mita 640, karibu asilimia 12. Kisha baada ya kontua ya 1320 mistari inasogeleana ghafla. Nafasi tatu, kutoka 1320 hadi 1380, zinachukua pikseli 76 tu ukipima kwenye mstari wa chemchemi na kibanda. Mstari wote wa pikseli 362 ni mita 901, kwa hiyo pikseli 76 ni kama mita 190. Kupanda mita 60 ndani ya mita 190 ni asilimia 32. Kumbe ile 16 haiko popote pale ardhini; chini ni 12, juu ni 32, na wastani umekaa katikati kama wastani ukaavyo.

Bado hatujamaliza. Pale mistari inapobanana, kontua zako zinaelekea karibu mashariki kamili, wakati mstari wako wa chemchemi na kibanda unazivuka kwa mshazari. Anayepanda kwa mshazari anapanda polepole kuliko anayepanda wima, ndiyo sababu njia za milimani hujipinda. Ukitaka mteremko wa ardhi yenyewe, pima nafasi kwa mstari unaozikata kontua kwa pembe mraba. Hapa ni kutoka kusini kwenda kaskazini. Nafasi zile zile tatu, nimezipima hivyo, zina pikseli 40. Kwa kuwa ni upande wa kaskazini natumia kimo cha mraba: 40 gawanya kwa 376 ni mita 106. Mita 60 ndani ya mita 106 ni asilimia 57, karibu nyuzi 30.

Ardhi moja, asilimia 32 na asilimia 57, na zote ni sahihi. Ya kwanza ni mpando utakaoukuta ukifuata mstari ulioniuliza. Ya pili ni mteremko ambao maji ya mvua yataufuata, au jiwe likiachiwa. Anayepanga njia au bomba kutoka pointi hadi pointi anataka ya kwanza. Anayeuliza kama udongo utamomonyoka au kama kibanda kiko salama anataka ya pili. Uliuliza kati ya pointi mbili, kwa hiyo jibu lako ni 1 kwa 6, ila ningekuwa mimi ningeandika na ile ya kipande cha juu pembeni yake.

Nilipima nafasi tatu kwa pamoja kwa makusudi, kisha ningeweza kugawa kwa tatu kama ningetaka moja. Nafasi moja hapo ina pikseli 13. Kontua kwenye karatasi inaweza kuwa na unene wa milimita 0.2, ambazo kwa 1:50,000 ni mita 10 za ardhi, na kwenye picha yako ni pikseli kama 4. Ukianzia ukingo wa nje wa mstari mmoja na kuishia ukingo wa nje wa mwingine, nafasi ya 13 inakuwa 17 na mteremko wako umepungua karibu robo. Pima kutoka katikati ya mstari hadi katikati ya mstari, na uchukue nafasi nyingi kwa mpigo kadiri zinavyolingana. Kosa la pikseli mbili ndani ya 40 linavumilika. Ndani ya 13 ni kubwa mno.

Ndiyo maana pia nilikuomba picha asilia. Ile ya kwanza ilipita kwenye programu ya ujumbe, ikabanwa hadi mraba ukabaki na pikseli 165. Hapo nafasi za kontua za juu zilikuwa pikseli 5, na mistari yenyewe ilikuwa imeyeyukiana kuwa ukungu wa kahawia. Ukiona kahawia iliyotanda bila mistari, usikisie idadi. Tafuta mistari minene miwili ya kila upande na ugawanye tofauti yao kwa umbali kati yao. Minene huvumilia kubanwa. Ni njia salama hata kwenye karatasi nzuri, kwa sababu palipo na mwinuko mkali mno wachoraji huondoa baadhi ya kontua nyembamba ili zisigandamane, na anayehesabu nafasi anaona mteremko mdogo mahali ambapo ni mkali kuliko kote. Sehemu tambarare nazo zina mtego wa kinyume: mistari ya vidoti vya nusu hatua, iliyoongezwa ili uwanda usibaki mtupu. Kati ya kontua nzima na ya vidoti kwenye ramani yako ni mita 10, si 20.

Tuangalie basi jibu lako linaweza kukosea kiasi gani. Upande wa umbali, pikseli moja ni kati ya mita 2 na 3, na hata ukikosea pikseli 4 kwa kila pointi hutoki nje ya mita 20 hivi kati ya 901. Kosa kubwa liko kwenye vimo, na halikutokana na simu. Viwango vya ramani vya Marekani vya mwaka 1947, kwa mfano, vinadai asilimia 90 ya pointi zinazokaguliwa zisikosee zaidi ya nusu ya hatua ya kontua. Kwa hatua ya mita 20, hiyo ni mita 10 kwa pointi moja, juu au chini. Tukisema tofauti yako ya kimo iko kati ya 135 na 155, mteremko unatoka 1 kwa 6.7 hadi 1 kwa 5.8. Kwa hiyo usiandike 1 kwa 6.2 kana kwamba ile .2 ilipimwa. Andika 1 kwa 6, na asilimia 16 iwe "kama asilimia 16".

Kosa hilo la mita 10 huumiza zaidi pointi zikiwa karibu. Ungekuwa umeniuliza mteremko kati ya mlango wa kibanda na mti ulio mita 60 kutoka hapo, wote ndani ya nafasi moja ya kontua, ningekurudishia picha yako. Ramani haijui kinachoendelea kati ya mstari na mstari. Inaweza kuwa uwanja, kisha ukingo wa mita 15, kisha uwanja tena, na kontua zikapita pande zote mbili bila kugusa. Hapo ni kwenda na kipimo cha mteremko au levo ya maji, usimame mlangoni na mwenzako asimame kwenye mti.